Kokotoa PAYE yako ngazi kwa ngazi kabla hujaikataa nyongeza

Nimeshughulikia mishahara ya watu hapa Mombasa kwa miaka mingi, na nyongeza zikitoka huwa nalijua swali litakaloingia mlangoni. Mara ya mwisho alikuja karani wa ghala kule Shimanzi, kijana mchapakazi. Alikuwa akilipwa 34,000, na bosi wake amemwahidi 40,000. Badala ya kufurahi alikuwa amekunja uso. "Mama, nimeambiwa nikivuka hapa kodi yangu inatoka asilimia 25 inakuwa 30. Si heri nibaki na mshahara wangu huu huu?"

Nilimwambia avute kiti achukue kalamu. Hesabu tuliyoifanya ndiyo naiandika hapa, kwa sababu wako wengi wanaoiogopa nyongeza kwa hofu hiyo hiyo, na wengine wanafikia hadi kumwomba mwajiri asiwaongeze. Wanafanya hivyo kwa kuepuka hasara ambayo haipo.

Uwe na nini mkononi

Chukua hati yako ya mshahara ya mwezi mmoja, kikokotoo (cha simu kinatosha) na karatasi. Hati iwe ile inayoonyesha makato yote mstari kwa mstari. Ujumbe wa benki hautakufaa, maana unaonyesha kilichobaki tu.

Kisha nakili viwango hivi vya mwezi, vilivyoanza kutumika Kenya tarehe 1 Julai 2023:

- Shilingi 24,000 za kwanza: asilimia 10
- Shilingi 8,333 zinazofuata, yaani hadi kufika 32,333: asilimia 25
- Zinazofuata hadi kufika 500,000: asilimia 30
- Zinazofuata hadi kufika 800,000: asilimia 32.5
- Zinazozidi 800,000: asilimia 35

Andika pia 2,400 pembeni. Huo ni unafuu wa kibinafsi wa kila mwezi, na utauhitaji mwishoni.

Sasa yasome tena maneno "za kwanza" na "zinazofuata", kwa sababu fumbo lote limo humo. Fikiria muuza maji na mkokoteni wake wa madumu. Dumu la kwanza likijaa, maji yanayozidi huingia la pili, na la pili likijaa huingia la tatu. Kila dumu lina bei yake. Kulifikia dumu la tatu hakubadilishi bei ya maji yaliyokwisha kuingia la kwanza. Shilingi zako 24,000 za kwanza zitatozwa asilimia 10 mwezi huu, na zitatozwa hiyo hiyo hata siku utakapolipwa nusu milioni.

Hatua

Tutamfuata yule karani na ule mshahara mpya wa 40,000. Wewe weka tarakimu zako.

1. Anza na mshahara wa jumla. Jumlisha mshahara wa msingi na marupurupu unayolipwa kwa pesa taslimu: ya nyumba, ya usafiri na mengineyo. Yeye alikuwa na 30,000 za msingi, 7,000 za nyumba na 3,000 za usafiri. Jumla 40,000.

   Hapa ndipo wengi wanapokosea mwanzo kabisa, kwa kuchukua mshahara wa msingi peke yake. Marupurupu ya nyumba nayo ni mapato na yanatozwa kodi. Ukianza na 30,000, hesabu yako haitalingana na ya ofisi hata ukeshe nayo.

2. Ondoa makato matatu yanayotangulia kodi. Tangu 27 Desemba 2024 haya yote matatu hutolewa kabla ya kodi kukokotolewa:

   - NSSF, asilimia 6: 2,400
   - SHIF, asilimia 2.75: 1,100
   - Ada ya nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5: 600

   Jumla ni 4,100. Kwa NSSF, asilimia 6 inakwenda moja kwa moja mradi mshahara wako haujafika 72,000. Huko juu kuna kikomo, nacho kimekuwa kikipandishwa kila Februari tangu 2023, kwa hiyo mwenye mshahara mkubwa atazame kikomo cha mwezi anaoupigia hesabu.

   Toa sehemu yako tu. Mwajiri naye anakuchangia NSSF na ada ya nyumba kutoka mfukoni mwake, na baadhi ya hati huonyesha michango yote miwili kwa safu. Usiitoe ya mwajiri. Haikutoka kwenye mshahara wako.

3. Andika mapato yanayotozwa kodi. 40,000 ukitoa 4,100 ni 35,900. Hii ndiyo tarakimu inayopanda ngazi, wala si 40,000. Kumbe hata mtu mwenye mshahara wa jumla wa 35,000 hajaigusa ngazi ya asilimia 30, kwa kuwa makato humshusha chini ya 32,333. Ngazi hiyo huanza kuguswa mshahara wa jumla unapopita kama 36,025.

4. Kata vipande. Usizidishe chochote bado. Igawe tu 35,900:

   - Kipande cha kwanza: 24,000. Zimebaki 11,900.
   - Kipande cha pili: 8,333. Zimebaki 3,567.
   - Kipande cha tatu: hizo 3,567.

   Jumlisha vipande vitatu uone kama vinarudi 35,900. Visiporudi, kuna mahali ulipoteleza. Hakiki hii ni ya sekunde kumi, na ndiyo iliyowaokoa wengi niliowafundisha.

5. Toza kila kipande kwa kiwango chake.

   - 24,000 kwa asilimia 10: 2,400.00
   - 8,333 kwa asilimia 25: 2,083.25
   - 3,567 kwa asilimia 30: 1,070.10

   Jumla ni 5,553.35. Karani alipofika hapa aliweka kalamu chini. Asilimia 30 aliyokuwa akiihofia ilikuwa imegusa shilingi 3,567 tu kati ya elfu arubaini zake.

6. Ondoa unafuu wa 2,400. 5,553.35 ukitoa 2,400 ni 3,153.35. Hiyo ndiyo PAYE yako ya mwezi.

   Angalia kwamba unafuu huu unatoka kwenye kodi yenyewe. Ukiutoa kwenye mapato, pale hatua ya tatu, utajikuta na PAYE kubwa kuliko ya kweli. Tena 2,400 ni sawasawa na asilimia 10 ya 24,000, kwa hiyo unafuu unakifuta kabisa kipande cha kwanza. Ndiyo maana mwenye mshahara wa jumla wa 26,740 au chini ya hapo hakatwi PAYE hata senti: akishatoa yale makato matatu, anabaki ndani ya ngazi ya kwanza.

7. Tafuta kinachoingia mfukoni. 40,000, toa 4,100, toa 3,153.35. Zinabaki 32,746.65, kabla ya mkopo wa sako au kitu kingine ulichokubali kukatwa.

Linganisha mshahara wa zamani na mpya

Rudia hatua zile zile kwa mshahara wa zamani. Kwa 34,000, makato matatu ni 3,485 (NSSF 2,040, SHIF 935, nyumba 510), na mapato yanayotozwa ni 30,515. Vipande ni viwili tu: 24,000 kwa asilimia 10 ni 2,400, na 6,515 kwa asilimia 25 ni 1,628.75. Ukiondoa unafuu, PAYE ni 1,628.75. Mfukoni zinaingia 28,886.25.

Basi kutoka 34,000 hadi 40,000, karani anaongezeka 3,860.40 mkononi kila mwezi. Kati ya 6,000 za nyongeza, 615 zimekwenda kwenye yale makato matatu na 1,524.60 kwenye PAYE. Si kidogo, na sitamlaumu mtu anayeona ni nyingi. Lakini hakuna mahali kwenye njia hiyo ambapo mkono wake ulirudi nyuma.

Hofu yake ilitoka wapi? Ilitoka kwenye hesabu aliyopigiwa na mwenzake kazini: asilimia 30 ya 35,900 yote ni 10,770, toa unafuu 2,400, kodi 8,370. Kwa hesabu hiyo angebaki na 27,530, ambazo kweli ni chache kuliko 28,886.25 za zamani. Hesabu imekwenda vizuri, ila kanuni siyo. Imechukua kiwango cha kipande cha mwisho ikakipaka mshahara mzima.

Ukitaka kujua nyongeza yoyote itakuachia ngapi bila kurudia hatua zote saba, tumia njia hii. Mapato yako yakiwa tayari ndani ya ngazi ya asilimia 30, na mshahara haujafika kikomo cha NSSF, kila shilingi 1,000 za nyongeza hukuachia 628.25. Kwanza makato matatu hula 102.50, kisha asilimia 30 ya 897.50 zilizobaki ni 269.25. Ukiwa ndani ya ngazi ya asilimia 25, unabaki na kama 673. Ukimuuliza mtu "nyongeza yangu itakatwa ngapi," hilo ndilo swali lenye jibu. "Niko asilimia ngapi" ni swali linalowapotosha watu, maana hakuna mtu aliye "asilimia 30"; kuna vipande tu.

Njia fupi ya kujihakiki

Kwa anayelipwa ndani ya ngazi ya asilimia 30, iko njia ya mstari mmoja inayotoa jibu lile lile. Zidisha mapato yanayotozwa kwa asilimia 30, kisha toa 7,616.65. Kwa karani: 10,770 toa 7,616.65 ni 3,153.35. Senti kwa senti.

Ile 7,616.65 imetoka wapi? Ukitoza kila kitu asilimia 30, umekizidishia kipande cha kwanza asilimia 20 zisizokihusu, yaani 4,800, na cha pili asilimia 5, yaani 416.65. Hizo ni 5,216.65 za kurudisha. Ongeza unafuu wa 2,400. Kila aliye katika ngazi hiyo, awe analipwa 40,000 au 400,000, hurudishiwa kiasi hicho hicho. Kwa ngazi ya asilimia 25, zidisha kwa asilimia 25 utoe 6,000.

Mwenye jedwali kwenye kompyuta aweke mapato yanayotozwa kwenye kisanduku A1, na fomula hii kwenye B1. Inafaa hadi 500,000:

```
=MAX(0,MIN(A1,24000)*10%+MAX(0,MIN(A1,32333)-24000)*25%+MAX(0,A1-32333)*30%-2400)
```

Ukiandika 35900 upate kitu kingine zaidi ya 3153.35, kuna mabano au tarakimu uliyoiandika vibaya.

Hesabu isipolingana na hati

Usikimbilie kugombana na mhasibu. Kwanza toa PAYE uliyoipata kwenye PAYE iliyoandikwa, kisha itazame tofauti yenyewe, kwa maana mara nyingi tofauti hujitaja jina.

*Tofauti ni senti au shilingi moja.* Achana nayo. Programu nyingi za mishahara hukata senti kabla ya kutoza.

*Umekatwa 2,400 kamili zaidi.* Unafuu haukuwekwa. Waulize kama rekodi yako imeingizwa kama kazi ya pili, au kama hapo ulipoanza kazi hukuwapa PIN yako ya KRA.

*Umekatwa zaidi kwa asilimia 30 ya makato yako matatu.* Kwa karani ingekuwa 1,230, yaani asilimia 30 ya 4,100, na PAYE yake ingesoma 4,383.35. Maana yake wameipandisha ngazi 40,000 nzima bila kuondoa NSSF, SHIF na ada ya nyumba kwanza. Programu ambayo haikurekebishwa sheria ilipobadilika huondoa NSSF peke yake na kuziacha SHIF na ada ya nyumba, na hapo tofauti huwa ndogo kuliko hiyo. Dalili nyingine ya programu iliyozeeka ni hati kuonyesha mstari wa unafuu wa ada ya nyumba. Unafuu huo uliondolewa pale ada ilipoanza kutolewa kabla ya kodi, hivyo hati ya leo haipaswi kuwa nao.

*Umekatwa 5,216.65 zaidi.* Hapo mtu ametoza mshahara mzima asilimia 30. Programu haiwezi kukosea hivi kwa bahati mbaya. Hutokea pale mishahara inapopigwa kwa mkono. Niliwahi kuiona katika kampuni ndogo ambayo karani wake wa mishahara aliamini kwa dhati kwamba ndivyo sheria inavyosema, na wafanyakazi watatu walikuwa wamekatwa hivyo miezi minne. Hakuwa mwizi, alifundishwa vibaya. Lakini watatu hao walikuwa na karo za watoto za kulipa. Mpelekee karatasi yako yenye vipande, umwonyeshe mstari kwa mstari.

*PAYE ni sawa, ila mkononi umepungua baada ya nyongeza.* Basi kilichopungua si kwa sababu ya ngazi za kodi. Tazama mistari ya chini ya hati: mkopo mpya wa sako, mkopo wa HELB ulioanza kukatwa, au mshahara uliochukua mapema mwezi uliopita.

*Mwezi mmoja umekatwa kodi kubwa ajabu.* Angalia kama ulilipwa malimbikizo. Nyongeza ya miezi mitatu ikilipwa kwa mkupuo, mwezi huo pesa nyingi zaidi humwagikia kipande cha asilimia 30.

Hilo la mwisho linanileta kwenye jambo ambalo wengi hawalijui. Ngazi za kweli ni za mwaka: 288,000 za kwanza, kisha 100,000, na kuendelea, na unafuu wa mwaka ni 28,800. Hesabu ya kila mwezi ni makadirio ya ile ya mwaka. Tuseme karani alilipwa 34,000 Januari hadi Juni na 40,000 Julai hadi Desemba. Mapato yake yanayotozwa kwa mwaka ni 398,490. Kodi: 28,800, na 25,000, na asilimia 30 ya 10,490 ambayo ni 3,147. Jumla 56,947, toa 28,800, inabaki 28,147. Lakini PAYE aliyokatwa miezi kumi na miwili ni 28,692.60. Amelipa 545.60 zaidi, kwa sababu miezi sita ya mwanzo hakukijaza kipande chake cha pili. Pesa hizo huonekana anapojaza ritani kwenye iTax kwa kutumia fomu ya P9 aliyopewa na mwajiri, na ana haki ya kuomba arudishiwe.

Kwa mwenye kazi mbili mambo huwa kinyume. Kila mwajiri huanza kukujazia dumu la kwanza upya, na wote wawili wakikupa unafuu, umepata 28,800 mara mbili kwa mwaka. Kwenye ritani mapato yanaunganishwa, vipande vya chini vinahesabiwa mara moja tu, na unadaiwa baki. Ukiwa hivyo, mwombe mwajiri wa pili asikupe unafuu, na kila mwezi weka kando kitu cha kulipia tofauti ya vipande. Ritani ya mwaka hujazwa si zaidi ya 30 Juni ya mwaka unaofuata, hata kama kodi yote ilishakatwa kazini. Ukichelewa, faini ni 2,000 au asilimia 5 ya kodi inayodaiwa, ile iliyo kubwa.